Bahasha tatu za likizo

Anayekwenda kukaa kwa ndugu majuma matatu hawezi kubeba ratiba nzima ya chuoni. Kwa mama mdogo, kule Likasi, sina meza: kuna chumba cha watoto wanne, umeme unaokatika jioni, na kazi ambazo mgeni wa umri wangu hangoji kuagizwa. Kujifungia na vitabu huko ni kuwaambia wenyeji kwamba hukuja kuwaona. Kwa hiyo, nikitoka Lubumbashi, nabeba somo moja tu, lile linalosahaulika upesi likiachwa. Kwangu ni upatanisho wa ngeli, nao mtihani wake unatungoja likizo ikiisha.

Nakata vipande 40 vya katoni, kila kimoja sawa na karata. Mbele siandiki kanuni, naandika kazi: «rafiki, -angu, -mefika, umoja na wingi». Nyuma naweka jibu: «rafiki yangu amefika, rafiki zangu wamefika». Mtego uko hapo, kwa sababu kitenzi kinafuata ngeli ya watu, lakini kimilikishi kinafuata ile ya N. Mitaani kwetu tunasema «barafiki», basi sikio peke yake halitakuonya.

Vipande vinakaa katika bahasha tatu. Ya kwanza nafungua kila siku, ya pili kila siku ya tatu, ya tatu mara moja kwa juma. Nikijibu sawa, kipande kinapanda bahasha moja. Nikikosa, kinarudi ya kwanza, hata kama kilikuwa kimefika ya tatu. Utaratibu wa namna hii ulienezwa na Sebastian Leitner katika miaka ya 1970. Siingizi vyote 40 pamoja. Naingiza vinane kwa siku, siku tano, na robo saa inatosha, maharagwe yakiwa juu ya mbabula.

Jibu litamkwe kwa sauti kabla ya kugeuza. Ukigeuza kwanza, utasema «nilijua», na hilo si kujua. Changanya pia vipande, maana baada ya siku chache unaanza kutambua doa la mafuta badala ya neno.

Kipande kikikwama bahasha ya kwanza mara nne, mara nyingi kinauliza mambo mawili. Changu kilikuwa «ukuta, -refu, -meanguka». Umoja ulitoka vizuri, «ukuta mrefu umeanguka», ila wingi ulikuja kila siku kwa sura nyingine. Nilikipasua: kimoja kikauliza wingi wa ukuta tu, kingine -refu katika ngeli ya N. Siku mbili baadaye «kuta ndefu zimeanguka» ilitoka bila kusita.

Bahasha hizi hazifundishi kuandika insha. Kwa hiyo Jumamosi naandika nusu ukurasa juu ya swali moja la mtihani wa zamani, nikiwa nimekaa uani pamoja na wengine, na mama mdogo anaweza kunikatiza wakati wowote.