Amesema Usije Leo

Ujumbe wa mdogo wangu uliingia saa tano asubuhi, nikiwa maktaba ya chuo, Mlimani: baba kalazwa daktari kamwona amesema usije leo. Haukuwa na nukta wala mkato. Nikaelewa kwamba daktari ndiye aliyekataza, labda wagonjwa walikuwa wengi, labda baba alihitaji kupumzika. Nikabaki na kazi yangu mpaka jioni, kisha nikapanda daladala kurudi nyumbani Tandika. Mlangoni mdogo wangu akaniuliza mbona sikupita hospitali. Nikamwonyesha simu. Akasema, dada, aliyesema usije si daktari. Ni baba.

Anayemjua baba yetu anajua maana ya hilo. Baba akisema usije, ujue anakusubiri.

Kazi iliyonishikilia maktaba siku hiyo ilikuwa tafsiri ya hadithi fupi kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili. Ni hadithi ya Juan Rulfo wa Meksiko, iliyomo katika mkusanyiko wake wa mwaka 1953. Jina lake kwa Kiswahili nimelifanya "Husikii Mbwa Wakibweka". Baba mzee amembeba mgongoni mwanawe mkubwa, Ignacio, aliyejeruhiwa. Anampeleka usiku kwenye mji wenye daktari. Yeye mwenyewe hawezi kusikia vizuri kwa jinsi alivyombeba, kwa hiyo anamwomba kijana aliye juu asikilize kama mbwa wanabweka, ili wajue mji uko karibu.

Shida yangu haikuwa msamiati, ilikuwa alama. Kihispania hakifungui na kufunga usemi kama tulivyofundishwa shule. Kila mtu anapoanza kusema, aya mpya inaanza kwa kistari kirefu kilichogusana na neno la kwanza. Usemi ukiishia mwisho wa aya, hakuna alama ya kuufunga. Ningeandika hivi:

—Shikamoo, baba.
—Marahaba. Umekula?
—Bado.

Msimulizi akitaka kuingia katikati, anaingia kwa kistari kingine, na usemi ukiendelea anatoka kwa kistari cha tatu. Mkato unakaa baada ya kistari hicho, si kabla yake:

—Bado —akasema—, nakusubiri wewe.

Kama msimulizi anataja tendo na si kusema, usemi unafungwa kwanza kwa nukta, na tendo linaanza kwa herufi kubwa:

—Bado. —Akavua viatu mlangoni—. Nakusubiri wewe.

Siku za mwanzo nilikosa hata kuviandika. Nilikuwa nabonyeza kistari kifupi, yaani kile cha kuunganisha maneno, kisha naacha nafasi. Programu ya Word ikadhani natengeneza orodha. Mazungumzo ya baba na mwanawe yakasogea ndani ya ukurasa kama orodha ya vitu vya kununua Kariakoo. Baadaye nikajifunza kuandika 2014 na kubonyeza Alt+X, kistari kirefu kikatokea, nami nikawa nakinakili popote nilipokihitaji.

Msimamizi wangu aliposoma rasimu alisema nirudishe alama za kufungua na kufunga usemi, kwa sababu ndizo msomaji wa riwaya za Kiswahili amezizoea. Hoja yake ilikuwa na uzito. Kiswahili kina hatari yake hapa. Kitenzi chetu kinambeba mtendaji ndani yake, na "akasema" inaweza kuwa ya mtu yeyote, mwanamume au mwanamke, aliyepo au asiyekuwepo. Tazama sentensi hii:

—Mama alipita hapa —akasema—, atarudi jioni.

Anayesema ni mpangaji, tuseme, na habari ya kurudi jioni ni ya kwake, labda anakisia tu. Sasa ondoa vistari viwili vya katikati na ule mkato wa mwisho:

—Mama alipita hapa akasema atarudi jioni.

Hapa mama mwenyewe ndiye aliyeahidi. Maneno hayakubadilika hata moja, ila ahadi imehama kutoka mdomo mmoja hadi mwingine. Mchapaji akidondosha kistari, au msomaji akikiona kama kipambo tu, hatajua kwamba amepotea, maana sentensi zote mbili ni Kiswahili safi. Kwa alama za kufungua na kufunga, kosa lingeonekana mara moja: kilichofunguliwa lazima kifungwe.

Basi nikabadilisha hadithi nzima. Nilikuwa katikati ya kazi hiyo siku ule ujumbe ulipoingia.

Kesho yake nilikwenda hospitali nimebeba uji na kurasa zangu. Baba alikuwa amelala akitazama dari. Hakuniuliza kwa nini jana sikuja. Niliposema nimsomee kitu, akakubali kwa kichwa. Nikasoma.

Kusoma kwa sauti kulinionyesha jambo ambalo jicho lilinificha. Alama hazisikiki, ziwe za aina gani. Hata hivyo baba hakuniuliza hata mara moja nani anasema. Hadithi inaanza na maneno ya mzee, na humo humo anamtaja Ignacio kwa jina. Mzee anauliza, kijana anajibu kwa kifupi kwamba hakuna kinachoonekana. Wako wawili tu, na zamu zao zinapokezana. Kistari hakimtaji msemaji, kinasema tu kwamba zamu imebadilika. Kwa watu wawili hiyo inatosha. Wangekuwa watatu, kama kwenye ule ujumbe wa mdogo wangu, isingetosha bila majina.

Kisha hadithi inasonga, na majibu ya Ignacio yanapungua. Anaomba ashushwe, anaomba maji, mwishoni anasema ana kiu na usingizi. Baada ya hapo mzee anasema peke yake. Katika kitabu cha Kihispania unaliona jambo hilo kwenye ukingo wa ukurasa: vistari vilivyokuwa vikipokezana sasa ni vya mtu mmoja. Usemi wa mwisho wa hadithi ni wa mzee, akimuuliza mwanawe swali. Unaanza kwa kistari kama mingine yote, haufungwi, na hakuna mstari unaoufuata.

Nikatazama rasimu yangu ya alama za kufungua na kufunga. Pale pale mwisho, baada ya maneno ya mzee, nilikuwa nimefunga. Kanuni ilinitaka nifunge. Lakini ilionekana kana kwamba mzee amemaliza kusema na ameridhika.

"Huyo kijana amekufa?" baba akauliza.

"Mwandishi hasemi."

Akanyamaza kidogo. "Mzee bado anamngoja ajibu," akasema.

Wiki ile nilirudisha vistari vyote. Sikumpuuza msimamizi wangu: niliandika ukurasa mmoja wa maelezo mbele ya tafsiri, nikieleza namna ya kuvisoma, na kila palipokuwa na "akasema" katikati ya usemi nikaweka "mzee akasema" au "Ignacio akasema", hata kama Rulfo hakutaja mtu. Kihispania kinaacha, Kiswahili changu hakikuthubutu. Akaipitia, akavikubali kwa sharti kwamba maelezo yale yabaki.

Baba aliruhusiwa baada ya siku 6. Mdogo wangu siku hizi akiniandikia anaweka jina kwanza, kisha nukta mbili, kama kwenye tamthilia. Jana jioni aliandika hivi: Baba: usihangaike kuja, nipo salama.

Nikachukua daladala.