Kiatu cha kushoto kinakufa juu, cha kulia kinakufa chini

Ndugu zetu, kuna swali wafanyakazi wa mashirika wanatuulizaga kila mara: "Viatu tuliwapa juzi tu, vimeenda wapi?" Swali ni la haki, kwa sababu pesa ya viatu ni ileile ingenunua madaftari. Basi acha tueleze vizuri kiatu cha sketibodi kinakufaje.

Sisi wa Luzira tuna bahati. Jirani hapo Kitintale kuna uwanja wa saruji wa kuteleza, uliojengwa katikati ya miaka ya 2000 na kina Jackson Mubiru kwa mikono yao. Lakini saruji siyo adui wa kwanza wa kiatu. Adui wa kwanza yuko juu ya ubao wenyewe: ni msasa, sawa na ule wa fundi seremala, uliobandikwa ili mguu usiteleze. Kiatu chenye soli bapa ya mpira laini kinaushika vizuri. Ndiyo maana viatu vya kukimbilia havifai: soli yake ni nene, imeinuka kisigino, na mguu hausikii ubao uko wapi.

Sasa angalia oli, ule mruko ambao karibu michezo yote inaanzia hapo. Mguu wa nyuma unapiga mkia wa ubao chini, na ule wa mbele unapanda juu ukijikwaruza kwenye msasa kwa ubavu, karibu na kidole kidogo. Ukijaribu mara mia kwa mchana mmoja, umesugua kiatu kwa msasa mara mia, palepale.

Kinachokatika kwanza siyo ngozi, ni uzi. Mshono unakaa juu ya ngozi kidogo, kwa hiyo msasa unaukuta wa kwanza. Uzi ukikatika, kipande cha ngozi kinafunguka, kinakunjika, halafu tundu linakuja haraka. Kwa hiyo viatu vizuri vina mistari miwili au mitatu ya mshono: mmoja ukienda, mwingine bado unashika. Kitambaa cha turubai kinatoboka mapema. Ngozi ya suwedi inavumilia zaidi.

Mwenzetu mmoja anasimama na mguu wa kushoto mbele. Wiki ya kwanza, uzi ulianza kutoa manyoya. Wiki ya tatu, kipande kilifunguka. Wiki ya tano, soksi ilionekana. Lakini kiatu chake cha kulia juu kilikuwa kizima kabisa! Huo ndio mguu anaosukumia na kufungia breki barabarani, kwa hiyo soli ndiyo iliyolika mpaka ikawa laini kama sahani.

Hapo tulipata akili moja. Mwingine wa saizi ileile anasimama kinyume, mguu wa kulia mbele. Wakabadilishana jozi. Kushoto chenye tundu kikawa mguu wake wa nyuma, soli yake bado inashika. Kulia kikawa mguu wa mbele, ubavu wake bado mpya. Kikwazo ni kimoja: soli ikishatoboka mpaka ndani, hakuna kubadilishana, unaenda kwa fundi.

Dawa nyingine ni ya siku ya kwanza, kabla hujapanda ubao. Paka supaglu kidogo juu ya mshono wa ubavu tu, acha ikauke kabisa. Inakuwa ganda gumu, na msasa unakula gundi kabla ya uzi. Ganda likiisha, unapaka tena. Tundu likishafunguka, kata kiraka cha tyubu ya baiskeli, kwaruza pande zote mbili, paka gundi ya fundi viatu kote, ngoja kama dakika kumi mpaka isinate kidoleni, ndipo ugandamize kwa nguvu.

Ukienda Owino kuchagua mitumba, usidanganywe na kiatu kinachong'aa. Bonyeza soli kwa kucha. Mpira mzuri unakubali na kurudi. Ukiwa mgumu kama plastiki, umezeeka, hautashika msasa. Kunja kiatu pia: soli za povu zilizokaa miaka mingi stoo zinapasuka na kumomonyoka, hata kama hazijavaliwa.

Kwa nyinyi mnaopanga bajeti: jozi moja ya suwedi yenye soli bapa, pamoja na chupa ya gundi, inatufaa kuliko jozi mbili za kukimbilia. Na mkituandikia orodha ya saizi, ongezeni safu moja zaidi: mguu upi unasimama mbele. Hiyo itatuonyesha mapema nani abadilishane na nani.