Wazo Moja Linatosha, Ndugu Yangu

Kijarida changu huwafikia wenye maduka wa hapa Bariadi kila Ijumaa, na hubeba wazo moja tu, lililokwisha jaribiwa. Mama mmoja alifunga sukari ya robo kilo akaipanga mbele. Pakiti 9 kwa wiki zikawa 17. Sikukimbilia kuandika. Ulikuwa msimu wa pamba, mifuko imetuna! Tukangoja masika, pesa ngumu, tukarudia: 6 zikawa 8. Hizo 8 ndizo nilizoandika, nikaongeza kwamba karatasi za kufungia hula faida. Msomaji akijaribu akapata kile ulichomwahidi, atalisubiri toleo lijalo. Kwa hiyo mimi huwahesabu wanaonijibu “nimejaribu”, siyo wanaopokea tu.