Chaja Isiyotolewa Ukutani

Nyumbani kwetu Mombasa ipo laptopu moja itumiwayo na watu wote: watoto kwa masomo, mama yao kwa hesabu za ushonaji wake, nasi kwa makala kama haya. Kwa kuwa stima hukatika mara kwa mara, tangu siku ya kuinunua tulitoa amri kwamba chaja isitolewe ukutani, ili betri iwe imejaa daima. Amri hiyo ilitiiwa kwa miaka mitatu.

Usiku mmoja stima ilikatika saa tatu u nusu, binti yetu akiandika kazi ya chuo iliyotakiwa kabla ya saa sita. Betri ilionyesha asilimia 100. Ilipotimia saa tano na robo mashine ikazimika, na kazi haikufika kwa wakati. Nasi tukamlaumu yeye, kwamba ameichosha betri kwa sinema. Hakujibu ila, "Nisamehe, Baba."

Tulipoipeleka kwa fundi, aliandika amri hii katika Windows:

```
powercfg /batteryreport
```

Mashine ikatengeneza ripoti. Palipoandikwa DESIGN CAPACITY, yaani uwezo wa betri ilipokuwa mpya, palikuwa na 45,000 mWh. Palipoandikwa FULL CHARGE CAPACITY, yaani uwezo uliobaki, palikuwa na 18,000. Ni asilimia 40 tu. Laptopu hiyo hutumia kiasi cha 10,000 kwa saa. Ndiyo maana betri iliyodumu saa nne u nusu ilipokuwa mpya sasa haikufikisha hata saa mbili. Ile asilimia 100 ya kiooni haikuwa uongo. Ni kama mtungi uliojaa mchanga nusu: ukiujaza maji hufika mdomoni, lakini maji yenyewe ni machache.

Tulimwuliza kama betri iliharibika kwa kujazwa kupita kiasi. Akasema la, betri ikijaa, mashine yenyewe hukata chaji, na laptopu ikaendelea kutumia umeme wa chaja. Kinachodhuru ni kukaa imejaa kwa muda mrefu, hasa penye joto. Betri hizi za lithiamu zikijaa, kila seli hufikia takriban volti 4.2, na katika hali hiyo kemikali za ndani huchakaana polepole kila siku, hata kama hakuna aitumiaye. Joto huharakisha uchakavu huo. Nasi tulikuwa tumeyakusanya yote mawili: betri imejaa mchana na usiku, na mashine juu ya mto wa kochi, matundu yake ya hewa yamezibwa.

Fundi alitia betri mpya, kisha akaweka kikomo cha chaji cha asilimia 80. Kwa kikomo hicho chaja hukaa ukutani kutwa, lakini betri haipandi hadi kileleni. Katika laptopu nyingi za Lenovo mpangilio huo umo ndani ya Lenovo Vantage, kwa jina Conservation Mode; katika za ASUS umo ndani ya MyASUS, kwa jina Battery Care Mode. Nyingine huuweka katika BIOS, ukurasa unaofunguliwa mashine inapowashwa. Ikiwa mashine haina mpangilio huo, chomoa chaja ifikapo 80 hivi na uirudishe ishukapo 40. Hakuna haja ya kuimaliza kabisa.

Kikomo kina gharama yake. Stima ikikatika, tunapata saa tatu u nusu hivi badala ya nne u nusu. Kwa hiyo kabla ya safari, au siku tuliyoarifiwa kwamba umeme utakatwa, tunakiondoa ili betri ijae, kisha tunakirudisha. Wala kikomo hakirudishi uwezo uliokwisha kupotea. Hupunguza tu kasi ya uchakavu. Na betri iliyovimba haina tiba: ukiona kibao cha kugusia kimeinuka, au kifuniko hakifungi sawasawa, zima mashine, chomoa chaja, usiibonyeze wala kuitoboa, umpelekee fundi, kwani yaweza kushika moto.

Jioni ile tulimwita binti yetu mbele ya nduguze, tukamwonyesha zile tarakimu mbili za ripoti. Tukamwambia kwamba aliyeichosha betri si yeye. Ni amri yetu, nasi ndio tunaopaswa kuomba radhi. Akacheka, akauliza, "Basi, Baba, chaja niichomoe?"

Tukamjibu: "Iache ukutani, mwanetu. Ila utoe huo mto."