Kikwembe kwa huyu, mshono kwa yule: ya kujifunza Shabunda

Shabunda ndiyo teritwari kubwa kuliko zote za Kivu ya Kusini, lakini kufika kwake si mchezo. Barabara ya kutoka Bukavu inapita msituni, na mvua ikinyesha magari yanalala njiani. Kwa hiyo bidhaa nyingi hupanda ndege ndogo, na kila kilo inalipiwa. Ukitembea Shabunda-kati, mji ulio kando ya mto Ulindi, kumbuka jambo hilo kila unapoona kikwembe kimetundikwa dukani: kimefika kwa gharama, na kikiisha, mzigo unaofuata unaweza kuja bila rangi ile.

Karibu na mama anayeuza vikwembe, mara nyingi hukosi kusikia cherehani. Mteja wa huyu ni mteja wa yule, maana kikwembe hakivaliki kabla ya kushonwa. Basi wawili hawa wakitaka kutumiana wateja na kutoa punguzo pamoja, wafanyeje? Tuchukue mfano wa majuma mawili kabla ya tarehe 8 mwezi wa tatu, siku ya wanawake, wakati vikundi vinataka sare.

Kwanza wahesabu mikono, si vitambaa. Tuseme mama mshonaji ana mashini moja, anamaliza nguo mbili kwa siku, na anafanya kazi siku sita kwa juma. Kwa majuma mawili hizo ni nguo 24. Nne ameshaahidi watu wengine. Zinabaki 20. Mwenye duka asitume watu zaidi ya 20, hata kama ana vikwembe 50. Akizidisha, kuna mama atakayefika siku ya sherehe bila nguo, na lawama ataipeleka pale alipolipa kitambaa.

Pili ni punguzo lenyewe. Wengi wanasema: kila mmoja apunguze asilimia 10, tuwe sawa. Tuone. Kikwembe cha yadi 6, yaani kama mita 5 na nusu, kinauzwa dola 15. Mwenye duka, akitoa bei ya kununulia na nauli ya ndege, anabaki na dola 3. Asilimia 10 ni dola 1 na nusu: nusu ya faida yake imekwenda. Mshonaji anatoza dola 10, na uzi na zipu vinakula dola 2. Asilimia 10 yake ni dola 1, naye anabaki na 7. Asilimia ni moja, lakini uzito si mmoja. Ndani ya majuma machache mwenye duka atachoka, na ushirika utakufa kimyakimya.

Njia iliyo nyepesi ni kila mmoja atoe kitu ambacho kwake ni rahisi. Mshonaji ashone kitambaa cha kichwa bure kutoka mabaki ya kikwembe kilekile; kinamgharimu muda kidogo tu. Mwenye duka amuuzie mteja uzi na zipu kwa bei ya kununulia. Mteja anaona faida mbili, na hakuna aliyekula mtaji.

Tatu, wawe na vikaratasi. Kila kimoja kina namba, jina la aliyetuma na siku ya mwisho. Mteja akifika, kikaratasi kinabaki kwa aliyempokea. Jumamosi jioni wanakaa na kuhesabu: duka limetuma wangapi, mshonaji ametuma wangapi. Bila karatasi, kila mmoja atakumbuka wale wake tu.

Hesabu ikiegemea upande mmoja juma la pili na la tatu, wasigombane kwanza, watafute sababu. Huenda wateja wa mshonaji wanakuja na vitambaa vyao tayari. Hao bado wanahitaji bitana, vifungo na uzi. Mshonaji awatume dukani kwa hivyo. Lakini kama waliotumwa kwa mshonaji hawarudi tena dukani, mwenye duka awaulize taratibu. Mara nyingi utasikia mambo mawili: nguo ilichelewa, au mabaki ya kitambaa hayakurudishwa. Kwa hiyo wapatane mapema kwamba mabaki ni ya mteja, na kwamba mshonaji anapima mwili kabla kitambaa hakijakatwa dukani, asije mama mnene akanunua yadi 4 zisizomtosha.

Na kikundi kikitaka sare ya watu 25, hesabu iliyo juu inasema wazi: mashini moja haiwezi kwa majuma mawili. Waanze juma la tatu kabla ya sherehe, na mwenye duka aweke pembeni vipande vyote 25 vya rangi moja siku ileile ya kupatana. Hapa Shabunda rangi iliyopungua haifuatwi mtaa wa pili, inangoja ndege.