Matundu ya Jibini Hayasemi Uongo

Wahenga walisema: Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo nilikuwa naijua tangu utoto, lakini maana yake sikuishika barabara mpaka siku niliponunua jibini mbovu kwa kuitazama picha tu. Sikilizeni, ndugu wasomaji, niwasimulie habari hiyo, maana pengine itawaokoa na hasara.

Mimi ni mpishi wa karamu hapa Bukavu. Watu wakiwa na arusi au sherehe ya ubatizo, huniita nikawapikie. Siku hizi wageni wengi hupenda jibini, au fromaji kama tunavyoiita hapa kwetu. Jibini tuijuayo zaidi hutoka milima ya Masisi, Kivu ya Kaskazini, ambako ng'ombe hulisha katika majani mabichi ya mlimani. Huletwa Goma, kisha huvuka ziwa kwa mashua mpaka kwetu. Ni donge la mviringo, bapa juu na chini, na ganda lake ni la manjano. Namna yake ni ile ya Waholanzi iitwayo gauda.

Mwaka 2018 mchuuzi mmoja aliniletea katika simu picha ya jibini. Donge lilikuwa zuri, limenona, la manjano kama ua la alizeti. Nikatuma fedha. Lilipofika nikalikata. Lo! Ndani lilikuwa kama sifongo: matundu mengi madogo kama vichwa vya pini, yametapakaa toka upande huu hata upande huu. Nilipoonja, ulimi ulishika uchungu na harufu ya zizi. Nililitupa lote, na fedha za karamu ile nikazilipa kwa mfuko wangu.

Basi nikaenda kwa mzee mmoja aliyefanya kazi ya jibini miaka mingi huko Masisi, ambaye sasa anakaa Kadutu kwa mwanawe. Nikamwonyesha ile picha. Akacheka, akaniambia: “Mwanangu, wewe umenunua ganda. Hukuona tumbo. Mtu akikuuzia jibini kwa picha, mwambie alikate kwanza. Ganda linaweza kuoshwa na kupakwa mafuta, lakini matundu hayasemi uongo.” Kisha akanifundisha kusoma jibini kwa mambo matatu: ganda, nyama yake, na matundu.

Alianza na matundu. Jibini ya namna ya gauda hutengenezwa hivi: maziwa hupashwa moto kidogo, hutiwa dawa ya kugandisha itokayo katika tumbo la ndama, kisha yakiisha kuganda hukatwakatwa vipande vidogo. Maji yake humwagwa, vipande hutiwa katika chombo cha mviringo na kukandamizwa kwa uzito, halafu donge huzamishwa katika maji ya chumvi. Mwisho huwekwa juu ya ubao lipevuke. Katika kupevuka huko, vijidudu vyema vya maziwa hutoa hewa polepole. Hewa hiyo hukusanyika mahali mahali na kufanya matundu machache, ya mviringo, makubwa kama punje ya njegere au madogo zaidi. Ukuta wake wa ndani ni laini na unang'aa. Ukiona matundu ya namna hiyo katika picha, furahi.

Lakini yako matundu ya namna nyingine. Vile vitundu vingi kama vya pini, nilivyovikuta mimi, hufanywa na vijidudu vya uchafu: mavi ya ng'ombe yaliyoingia katika ndoo, mikono isiyooshwa, au chombo kilichosuguliwa vibaya. Vijidudu hivyo hutoa hewa kwa haraka siku ile ile ya kwanza au ya pili, kabla chumvi haijafika ndani. Ndiyo sababu donge langu lilionekana limenona. Halikunona, lilikuwa limevimba! Jibini yetu mara nyingi hutengenezwa kwa maziwa yasiyochemshwa, kwa hiyo vitundu hivyo si jambo la sura tu. Ni alama kwamba vijidudu vya ugonjwa navyo vyaweza kuwamo. Jibini hiyo haifai kupikwa wala kuliwa.

Ukiona mipasuko mirefu na mashimo makubwa katikati, hasa katika donge la majuma mengi, hilo ni kosa jingine. Vijidudu vinavyotoka katika udongo au katika malisho yaliyooza vimeamka baadaye na kulipasua donge toka ndani. Harufu yake ni mbaya sana, ila picha haitakuambia.

Na matundu yenye pembe, yaliyopindapinda, ambayo ukuta wake ni mkavu na wa kukwaruza? Hayo hayakuletwa na hewa. Ni nafasi zilizobaki kati ya vipande kwa sababu mtengenezaji hakukandamiza vya kutosha. Jibini hiyo yaweza kuwa njema kabisa, lakini itazame karibu na ganda. Kama nafasi hizo zimefika nje, ukungu utakuwa umepata mlango.

Nikamwuliza: “Baba, na ile jibini ya Waswisi yenye mashimo makubwa, nayo ni mbovu?” Akajibu: “La. Ile huitwa ementali. Donge lake ni kubwa mno, hata kilo 80 au 100, na hukaa majuma kadhaa katika chumba cha joto ili vijidudu vyake vifanye mashimo yale. Lakini mtu akikuonyesha donge dogo la Masisi lenye mashimo kama ya ementali, usimsadiki akisema ni namna ile.” Hapo nikafahamu kwamba tundu halihukumiwi peke yake, bali pamoja na ukubwa wa donge. Tangu siku ile humwambia mchuuzi aweke kiberiti kando ya jibini kabla ya kupiga picha, nipate kupima kwa macho.

Jambo la pili ni ganda. Ganda la jibini changa ni jembamba na jeupe-manjano, na mara nyingine huonyesha bado alama za kitambaa kilichofungiwa. Likikaa miezi, huwa gumu, la manjano iliyokolea, hata kahawia. Ukikata, chini ya ganda utaona mstari uliokolea rangi. Mstari ukiwa mpana, ujue jibini imekauka na kukaa sana. Ganda jeupe lenye manyoya laini, kama la kamamberi ya Wafaransa, hupandwa makusudi, na jibini yake huwa laini sana. Ganda la rangi ya machungwa, lenye unyevu na kunata, ni la jibini zinazooshwa mara kwa mara kwa maji ya chumvi, nazo zina harufu kali. Lakini manyoya au utelezi juu ya donge la Masisi ambalo lingepaswa kuwa kavu huonyesha kwamba limewekwa mahali pa unyevu bila kugeuzwa.

La tatu ni nyama ya jibini yenyewe. Jibini changa ukiinamisha kipande chake chembamba hupinda bila kuvunjika, na uso wake uliokatwa ni laini. Iliyozeeka huvunjika na uso wake huwa na chembechembe. Hapa ndipo matumizi yanapotambulika. Ile ipindayo bado ina maji ya kutosha, nayo huyeyuka vizuri katika mchuzi au juu ya mkate wa kuoka. Ile ivunjikayo ina ladha ya nguvu. Hiyo ni ya kukwaruza juu ya chakula au kukatwa vipande vidogo. Ukiilazimisha kuyeyuka peke yake, itatoa mafuta na kuacha chengachenga.

Mwaka 2019 nilipata nafasi ya kutumia elimu hiyo. Dada yangu alimwoza mwanawe, na wageni walikuwa 60. Nilitaka kupika makaroni ya tanuri, na kabla yake kupitisha sahani za jibini iliyokatwa. Nilihesabu gramu 25 za jibini kwa kila mtu katika makaroni, yaani kilo moja na nusu, na gramu 20 za kula mkononi, yaani kilo moja na gramu 200. Nikaomba picha kutoka Goma. Nilitoa masharti: donge likatwe, picha ipigwe mchana karibu na dirisha, maana taa ya usiku hufanya hata jibini nyeupe ionekane ya manjano, kiberiti kiwe kando, na kipande chembamba kipindwe kwa vidole.

Zilikuja picha tatu. Ya kwanza ilikuwa na ganda zuri kuliko zote, linang'aa kwa mafuta. Lakini pande zake zilivimba, na ndani nikaviona wale rafiki zangu wa zamani, vitundu vya pini. Nikaiacha. Ya pili ilikuwa na ganda jeupe-manjano, matundu saba au manane tu kama njegere, na kipande chake kilipindwa bila kupasuka. Ya tatu ilikuwa mbaya kwa sura: ganda la kahawia, lina makwaruzo, na mstari mpana chini yake. Ndani ilikuwa na nafasi chache zenye pembe, zote mbali na ganda, na kipande chake kilivunjika.

Nikanunua ya pili na ya tatu, kila moja kama kilo mbili. Ukiondoa ganda, ambalo ni kama sehemu moja ya kumi, zilinitosha. Changa niliikwaruza nikaiyeyusha katika mchuzi wa maziwa baada ya kuepua sufuria motoni, maana moto mwingi huifanya ivute nyuzi na kutoa mafuta. Nzee niliikata vipande vidogo kwa ajili ya sahani, na iliyobaki nikainyunyiza juu ya makaroni kabla ya kuitia tanurini.

Hata hivyo, picha ilinificha jambo moja. Ile jibini nzee ilikuwa na chumvi nyingi. Nilijua hivyo kwa sababu nilionja kabla ya kupika, nami sikutia chumvi yoyote katika mchuzi. Chumvi na harufu havionekani kwa macho. Picha humsaidia mtu kukataa jibini mbaya, lakini kuipokea iliyo njema kunahitaji pua na ulimi.

Wageni walikula wakaridhika. Yule mzee wa Kadutu naye alialikwa. Alipoletewa sahani, alichukua kipande kimoja, akakigeuza kwenye mwanga akatazama matundu yake, ndipo akakitia kinywani.