Kamera ya geti: usinunue boksi, nunua mita

Nina shida na hizi kamera za waifai ambazo kila ploti sasa inazo. Si kwamba ni mbaya, na bei yake mtu wa kawaida anaweza. Shida ni kwamba boksi lake limeandikwa kama CV ya mtu anayetafuta kazi. Kila kitu hapo ni ukweli, lakini ukimaliza kusoma bado hujui kama huyo mtu ataweza hiyo kazi yako. 1080p, nuru ya usiku mita 30, waifai mita 100, pembe pana. Sawa. Swali lako wewe ni moja tu: mtu akiiba pikipiki hapa getini saa nane usiku, nitamjua?

Mwaka huu nimekaa na mama ploti wetu hapa Ruiru tukijibu hilo swali, na wacha niwaambie, jibu halikuwa kwa boksi.

Pikipiki ya mpangaji mmoja iliondoka usiku. Kamera ilikuwa imefungwa kwenye balkoni ya ghorofa ya kwanza, inaangalia geti, na ilirekodi kila kitu. Unaona geti likifunguka, unaona mtu, unaona pikipiki ikisukumwa nje taratibu bila kuwashwa. Mama ploti akanipa simu yake. "Wewe mtu wa mitandao, nivutie hiyo sura nione ni nani." Nikavuta. Sura ikageuka kuwa vigae vya bafu. "Mathe, hapa hakuna sura ya kuvuta." Akaniangalia kama mimi ndiye niliyeificha. "Haiko aje na waliniambia ni full echidii?"

Swali lake lina haki, na jibu ni hesabu ya darasa la sita. 1080p maana yake picha ina pikseli 1920 kwa upana. Hizo ndizo zote ulizo nazo, na kamera inazigawa kwa kila kitu inachokiona. Lenzi ya pembe ya digrii 90, ambayo ni ya kawaida kwa hizi kamera, inaona upana ambao ni mara mbili ya umbali. Kutoka balkoni hadi geti tulipima kwa futi kamba tukapata mita 9. Kwa hivyo pale getini kamera inaona upana wa mita 18: geti, ukuta wa jirani, kibanda cha taka, na kipande cha barabara ambacho hakuna aliyekiomba. Gawanya 1920 kwa 18, unapata pikseli 106 hivi kwa kila mita. Sura ya mtu ina upana wa sentimita 16 hivi. Kwa hivyo huyo mwizi, pua na macho na mdomo, alipewa pikseli 17. Hata mama yake mzazi hangemtambua.

Wataalamu wa hii kazi wana kipimo chao cha kimataifa. Ili umtambue mtu usiyemjua unahitaji pikseli 250 kwa mita. Ukiwa na 125 hivi unaweza kusema "huyu ni yule kijana wa namba sita", kama tayari unamjua. Ukishuka hadi 25, unajua tu kuna mtu amepita. Sisi na 106 yetu tulikuwa hapo katikati, na usiku inakuwa mbaya zaidi kwa sababu kamera hufungua jicho muda mrefu ili ipate mwanga, na mtu anayetembea anageuka moshi.

Mpangaji mmoja akasema tuongeze megapikseli, tuchukue ile ya 4. Hapa ndipo pesa za watu wengi hupotea. Kamera ya megapikseli 4 ina pikseli 2560 kwa upana, si 3840, kwa sababu zile megapikseli zinaongezeka kwa upana na pia kwa urefu. Gawanya 2560 kwa mita 18, unapata 142. Umelipa zaidi na bado huna sura. Kinachobadilisha mchezo ni lenzi. Kwa kamera nyingi za aina hii, ikiandikwa 2.8mm inaona pana sana, ikiandikwa 6mm inaona pembe ya digrii 50 hivi, yaani nusu, na pikseli zilezile 1920 zinamiminwa kwa geti peke yake. Kwa umbali wetu hiyo ingetupa karibu 230. Kumbe hiyo namba ndogo ya milimita, ambayo muuzaji hata haitaji, ndiyo ulifaa kuisoma kwanza. "Pembe pana" inasikika kama zawadi, lakini kwa geti ni hasara.

Njia ya pili ni ya bure: sogeza kamera. Mama ploti hakutaka kununua nyingine, na mimi namwelewa. Tukaihamisha kwenye kona ya kibanda cha mita za maji, mita 3 kutoka pale mtu anaposimama kufungua komeo, na kimo cha mita mbili na nusu hivi. Usiipandishe sana, kwa sababu kamera ya juu ni nzuri kwa kurekodi kofia. Kwa mita 3 upana ni mita 6, na 1920 kwa 6 ni 320. Sura sasa ina pikseli 51. Nikasimama hapo na kofia yangu nikapigwa picha, na unaona hadi ndevu zisizoota vizuri.

Lakini ukisogeza kamera karibu na geti umeisogeza mbali na rauta na mbali na soketi. Boksi likisema waifai mita 100, hiyo ni uwanjani, hakuna kitu katikati. Ploti yetu ni mawe na mlango wa chuma, na chuma haipitishi hiyo kitu, inairudisha. Usikisie. Chukua simu, nenda usimame mahali kamera itakaa, funga mlango na geti vile hukaa usiku, halafu uangalie nguvu ya waifai kwa apu yoyote ya kupima. Inaandikwa kwa dBm na ni namba hasi, kwa hivyo iliyo karibu na sifuri ndiyo nzuri. -60 ni raha. Ukipita -75 utakuwa unaona kile kiduara cha kuzunguka kila siku. Yetu ilikuwa -77. Rauta ilikuwa imefichwa nyuma ya tivii, chini, kama inayoadhibiwa. Tukaiinua tukaiweka dirishani upande wa geti, ikawa -64. Hatukununua kitu.

Pima kwenye 2.4GHz, tafadhali. Kamera nyingi za bei hii zinajua hiyo tu, na kwa boksi limeandikwa kwa herufi ndogo chini kabisa. Rauta nyingi za siku hizi hutoa 2.4GHz na 5GHz kwa jina moja, simu yako inapanda 5GHz, kamera inakwama wakati wa kuunganishwa, unairudisha dukani ukisema imeharibika. Ingia kwa mipangilio ya rauta, zipe majina mawili tofauti au uzime 5GHz kwa dakika kumi, uunganishe kamera, halafu uirudishe. Na kama usalama wa rauta umewekwa WPA3 peke yake, ruhusu WPA2.

Sasa stima, na hapa ndipo tuliteseka wiki nzima. Ndani ya boksi kulikuwa na kamera, adapta ya volti 5, waya wa USB wa mita 3, skrubu na vidude vyake vya ukutani, kibandiko cha kuonyesha utakapotoboa, na kijitabu. Memori kadi hakuna, ingawa picha ya nje inaionyesha ikiingia. Mita 3 hazikufika popote. Fundi akaleta waya wa USB wa mita 10, kamera ikawaka, akalipwa, akaenda.

Jioni hiyo kamera ikapotea. Asubuhi ikarudi. Jioni ikapotea tena. Mama ploti akasema ni waifai, mpangaji mwingine akasema ni bando, na mtu wa huduma kwa wateja akatuambia tuizime na kuiwasha. Lakini angalia saa: kila siku ilikuwa kama saa moja kasorobo. Waifai haijui jua limetua. Kamera inajua, kwa sababu hapo ndipo inawasha zile taa zake za usiku zisizoonekana. Mchana inakula ampea 0.3 hivi, usiku inafika 0.7. Waya mwembamba wa mita 10 unakula volti kulingana na mkondo unaopita. Mchana ulikuwa unakula nusu volti, kamera inabaki na 4.5 na inavumilia. Usiku unakula zaidi ya volti moja, inabaki 3.8, inazima. Ikizima taa zinazima, mzigo unapungua, inawaka, inaona giza, inawasha taa, inazima tena. Ukisimama chini yake unasikia tik, tik, tik, kile kichujio cha ndani kikirudi mahali pake kila inapoanza upya. Hiyo sauti ndiyo ushahidi. Ushahidi mwingine uko kwa kadi: shida ikiwa ni waifai, kadi inaendelea kurekodi na unakosa tu kuona kwa simu. Shida ikiwa ni stima, kadi yenyewe ina mashimo.

Dawa ni kupeleka stima ya kawaida karibu na kamera kwa paipu na fundi anayejua kazi, adapta ikae ndani ya kisanduku kisichoingia maji, na utumie ule waya mfupi wa boksi. Ilitugharimu zaidi ya kamera yenyewe kidogo. Hiyo bei haiko kwa tangazo lolote.

Kadi tulichukua ya 64GB. Kamera yetu inatumia megabiti 2 hivi kwa sekunde, na hiyo ni kama gigabaiti 21 na kitu kwa siku, yaani kadi inajaa kabla ya siku tatu kuisha na kuanza kufuta ya zamani. Ukienda ushago Ijumaa ukarudi Jumanne, Ijumaa yako imeshafutwa. Tukaiweka irekodi mtu akisogea tu, na sasa inafika wiki mbili hivi, isipokuwa siku za upepo, ambapo inarekodi nguo za watu kwa kamba saa sita mfululizo.

Pikipiki haijapatikana. Mwenyewe aliomba ile video aende nayo kituoni, nikamkatia vizuri, dakika moja na sekunde ishirini, kuanzia komeo linapofunguliwa. Inaonyesha saa kamili na upande walioelekea. Kuhusu ni nani, inaonyesha pikseli 17.